Kwa nini det(A − λI) lazima iwe sifuri: njia tatu za kulithibitisha, na ipi ya kuchagua

Katika madaftari mengi ya wanafunzi wa mwaka wa pili utakuta mistari miwili iliyofuatana. Wa kwanza unasema Av = λv. Wa pili unasema det(A − λI) = 0. Baina yao hakuna neno hata moja, na mwanafunzi ukimwuliza imekuwaje vekta iliyokuwa juu ikatoweka chini, na detaminanti ikaingia kutoka wapi, hukujibu kwamba ndiyo fomula. Ninafundisha jioni hapa Kisumu, watu wanne au watano kwenye meza moja, na pengo hilo baina ya mistari miwili nimelijaza kwa njia tatu kwa miaka kadhaa. Ya kwanza hutumia matriksi kinyume, ya pili huondoa kigeu kimoja baada ya kingine, na ya tatu hutazama eneo. Zote ni sahihi, lakini hazifikishi mbali sawasawa. Moja kati yake huishia nusu ya safari, na wengi wanaoitumia hawatambui kwamba wameachwa njiani.

Mfano tutakaoutumia

Tuseme kuna chama cha matatu chenye magari 50 yanayokwenda kati ya Kisumu na Nakuru. Chama hiki ni cha kubuni, na namba zake nimezichagua ili hesabu iwe nyepesi. Kila jioni gari hulala katika mmoja wa miji hiyo miwili. Kati ya kila magari kumi yaliyolala Kisumu jana, saba yanalala Kisumu tena leo na matatu yanalala Nakuru. Kati ya kila kumi yaliyolala Nakuru, manane yanabaki huko na mawili yanakuja kulala Kisumu. Tukiandika idadi ya Kisumu juu na ya Nakuru chini, hesabu ya usiku mmoja ni kuzidisha kwa matriksi hii:

```
A = | 0.7  0.2 |
    | 0.3  0.8 |
```

Vekta aigeni ni ile ambayo matriksi haiibadilishi mwelekeo. Huirefusha, huifupisha au huigeuza nyuma tu, na namba inayoeleza kiasi cha kurefushwa huko ndiyo thamani aigeni, λ. Neno lenyewe ni la Kijerumani, lina maana ya kitu cha mtu mwenyewe, na lilienezwa na Hilbert mnamo 1904. Katika mfano wetu, ukianza na magari 20 Kisumu na 30 Nakuru, kesho yake Kisumu itakuwa na 14 yaliyobaki na 6 yaliyokuja, yaani 20, na Nakuru itakuwa na 6 na 24, yaani 30. Hakuna kilichobadilika. Kwa hiyo (20, 30) ni vekta aigeni na λ yake ni 1.

Kabla ya kulinganisha njia, yapo mambo mawili ambayo zote tatu zinayategemea.

La kwanza ni kuhamisha λv upande wa kushoto. Av − λv = 0 haina tatizo lolote, kwa kuwa tunatoa vekta kutoka kwa vekta. Tatizo huanza mtu anapotaka kumtoa v nje ya mabano na kuandika (A − λ)v, maana A ni jedwali la namba nne na λ ni namba moja, na havitoleki. Ndiyo sababu tunaandika λv kama λIv, ambapo I ni matriksi ya utambulisho, yenye 1 kwenye ulalo wake na 0 kwingineko. Sasa λI nayo ni matriksi, na tunapata (A − λI)v = 0 kihalali. Katika mfano wetu:

```
A − λI = | 0.7 − λ    0.2     |
         | 0.3        0.8 − λ |
```

La pili ni sharti kwamba v isiwe vekta ya sifuri. Wanafunzi hulichukulia kama adabu ya kihisabati tu, lakini bila sharti hilo swali zima linakufa. Chama kisicho na gari hata moja leo hakitakuwa na gari kesho, na hilo ni kweli kwa λ = 1, kwa λ = 17, kwa λ yoyote utakayoitaja. Vekta ya sifuri inautimiza mlinganyo wa kila λ, kwa hiyo haituelezi chochote kuhusu A. Swali letu, likiwekwa wazi, ni hili: ni kwa λ zipi tu ndipo vekta nyingine, isiyo ya sifuri, nayo inapelekwa kwenye sifuri na matriksi A − λI?

Hapa hutokea kosa moja linalofanana sana na ukweli. Mtu huona (A − λI)v = 0, hukumbuka kwamba namba mbili zikizidishwa zikatoa sifuri basi mojawapo ni sifuri, kisha husema kuwa kwa vile v si sifuri, A − λI ndiyo sifuri. Kwa namba hoja hiyo ni sawa, ila kwa matriksi si kweli. Matriksi inaweza kujaa namba zisizo sifuri na bado ikaiangamiza vekta isiyo sifuri. Weka λ = 1 hapo juu uone: A − I ina −0.3 na 0.2 juu, 0.3 na −0.2 chini, na ukiizidisha kwa (20, 30) unapata −6 + 6 juu na 6 − 6 chini. Kinachokuwa sifuri ni namba moja tu inayokokotolewa kutoka kwenye matriksi hiyo, nayo ni detaminanti. Kwa nini iwe hiyo? Hapo ndipo njia zinapoachana.

Njia ya matriksi kinyume

Hii ndiyo fupi kuliko zote, na ndiyo inayopendwa ubaoni kwa sababu inamalizika kwa mistari mitatu. Tuiite A − λI kwa jina la M. Tuseme, kinyume cha tunachotaka kuthibitisha, kwamba det M si sifuri. Basi M ina matriksi kinyume, jambo ambalo kila aliyepitia matriksi kidato cha tatu analikumbuka, kwa kuwa fomula ya matriksi kinyume ya mbili kwa mbili huanza kwa kugawanya kwa detaminanti. Zidisha Mv = 0 kwa matriksi kinyume pande zote mbili. Kushoto inabaki v peke yake, kulia inabaki sifuri, kwa kuwa matriksi yoyote ikizidisha sifuri hutoa sifuri. Kwa hiyo v = 0. Lakini tulikwisha kusema v si sifuri. Basi dhana yetu ya mwanzo haiwezi kusimama, na det M lazima iwe sifuri.

Sifa yake kubwa ni kwamba haijali ukubwa wa matriksi. Iwe ya mbili kwa mbili au ya hamsini kwa hamsini, maneno ni yaleyale. Anayetakiwa kujibu swali la mtihani linalosema "onyesha kwamba lazima" hana haja ya kutafuta kitu kingine.

Ila itazame vizuri imethibitisha nini. Imethibitisha kwamba ikiwapo vekta isiyo sifuri, detaminanti ni sifuri. Haijasema lolote kuhusu upande wa pili, yaani kwamba detaminanti ikiwa sifuri basi vekta hiyo ipo. Na upande huo wa pili ndio tunaoutumia kila siku. Tunapotatua det(A − λI) = 0 na kupata λ mbili, tunaamini kwamba kila moja ina vekta yake inayotungoja. Njia ya matriksi kinyume haitupi haki ya kuamini hivyo. Inatuambia mahali pa kutotafuta: λ ambayo detaminanti yake si sifuri imetupwa nje. Zile zilizobaki bado ni watuhumiwa tu, hata kama mwishowe zote hukutwa na hatia.

Nami niliifundisha njia hii peke yake kwa muda mrefu bila kuona upungufu huo, hadi mwanafunzi mmoja aliponiuliza: "Mwalimu, na kama detaminanti ni sifuri lakini vekta haipo?" Nilimjibu kwamba ipo, na nikashindwa kumwonyesha papo hapo kwa njia ileile niliyokuwa nimeiandika ubaoni.

Njia ya kuondoa

Njia hii ni ya milinganyo miwili yenye visivyojulikana viwili, ile tuliyoanza nayo shuleni. Andika M kwa herufi:

```
px + qy = 0
rx + sy = 0
```

Zidisha wa kwanza kwa s, wa pili kwa q, kisha toa. Sehemu za y zinaondoka, na kinachobaki ni (ps − qr)x = 0. Rudia, safari hii ukizidisha wa kwanza kwa r na wa pili kwa p, na unabaki na (ps − qr)y = 0. Hapo detaminanti imejitokeza yenyewe, bila kuitwa. Ukimwonyesha hatua hii mtu ambaye hakuwahi kuambiwa neno detaminanti, angekutana na ps − qr na angelazimika kuipa jina.

Sasa hoja inakuwa ya namba za kawaida, ambako sheria ya namba mbili kutoa sifuri inafanya kazi. Kama ps − qr si sifuri, basi x ni sifuri na y ni sifuri, na hakuna vekta nyingine. Ili x au y ipate nafasi ya kutokuwa sifuri, ps − qr lazima iwe sifuri. Huo ni upande uleule uliothibitishwa na matriksi kinyume, ila hapa unaonekana ukitokea.

Upande wa pili nao uko palepale. Chukua vekta (q, −p) uizidishe kwa M. Juu unapata pq − qp, ambayo ni sifuri daima. Chini unapata rq − sp, ambayo ni detaminanti iliyogeuzwa alama. Kwa hiyo vekta hii hutua kwenye (0, −det M), na ikiwa det M ni sifuri, hutua kwenye sifuri kamili. Vekta imepatikana kwa mkono. Kama p na q zote ni sifuri, (q, −p) haitufai, lakini hapo tunatumia (s, −r) badala yake. Na kama zote nne ni sifuri, vekta yoyote inafaa.

Jaribu kwenye magari yetu. Hapa q ni 0.2 na p ni 0.7 − λ, kwa hiyo vekta ya kujaribu ni (0.2, λ − 0.7). Detaminanti ni (0.7 − λ)(0.8 − λ) − 0.06, ambayo ikifunguliwa ni λ² − 1.5λ + 0.5, yaani (λ − 1)(λ − 0.5). Kwa λ = 1 vekta ni (0.2, 0.3), sawa na mbili kwa tatu, ndiyo ile 20 na 30. Kwa λ = 0.5 vekta ni (0.2, −0.2), sawa na (1, −1). Hii ya pili haiwezi kuwa idadi ya magari, kwa sababu hakuna gari hasi, lakini inaweza kuwa tofauti kutoka kwenye hali ya utulivu. Ukianza na magari 40 Kisumu na 10 Nakuru, umeongeza 20 Kisumu na umepunguza 20 Nakuru. Usiku wa kwanza hesabu inakuwa 30 na 20, wa pili 25 na 25. Ziada ilikuwa 20, ikawa 10, ikawa 5. Inapungua nusu kila usiku, na nusu hiyo ndiyo λ = 0.5. (Usiku wa tatu yatakuwa magari 22 na nusu. Mfano wowote wa namba huchoka mahali fulani.)

Faida nyingine ya njia hii ni kwamba inakufundisha kugundua kosa lako mwenyewe. Kosa ninalolisahihisha mara nyingi kuliko yote ni kusahau kutoa qr. Mwanafunzi mmoja anayesoma Kakamega aliniletea karatasi yenye λ = 0.7 na λ = 0.8, maana alikuwa amezidisha ulalo tu na kuacha 0.06. Kisha aliweka 0.7 kwenye milinganyo. Wa kwanza ukampa 0.2y = 0, kwa hiyo y ni sifuri; wa pili ukampa 0.3x + 0.1y = 0, kwa hiyo x nayo ni sifuri. Akaandika kwa kalamu ya wino, na akapigia mstari chini yake, kwamba vekta aigeni ni (0, 0). Karatasi hiyo ilikuwa inamlilia. Kupata sifuri mbili hapo ni ushahidi kwamba λ si sahihi, kwa kuwa λ sahihi lazima iuache mlinganyo mmoja ukirudia maneno ya mwenzake.

Tuziweke λ tatu kando kwa kando:

| λ | det(A − λI) | Vekta zinazokwenda kwenye sifuri |
|---|---|---|
| 1 | 0 | kila moja ya umbo (2t, 3t) |
| 0.7 | −0.06 | (0, 0) peke yake |
| 0.5 | 0 | kila moja ya umbo (t, −t) |

Katika mstari wa kwanza, milinganyo ni −0.3x + 0.2y = 0 na 0.3x − 0.2y = 0. Huo ni mlinganyo mmoja ulioandikwa mara mbili. Na katika mfano huu tunajua hata sababu yake. Gari lisilolala Kisumu linalala Nakuru, kwa hiyo upungufu wa mji mmoja ni ongezeko la mji mwingine, na mlinganyo wa pili hauna habari mpya ya kutuletea.

Udhaifu wa njia hii unaonekana ukipanda hadi matriksi ya tatu kwa tatu. Kuondoa bado kunawezekana, lakini detaminanti haijitokezi tena kwa uzuri ule. Huko unaipunguza matriksi hadi ngazi, yaani umbo lenye sifuri tupu chini ya ulalo, na detaminanti inakuwa zao la namba zilizobaki kwenye ulalo, ikibadilishwa alama kila ulipopindua safumlalo mbili. Zao hilo ni sifuri pale tu namba mojawapo ya ulalo ikiwa sifuri, na hapo kigeu kimoja kinabaki huru uweze kukipa thamani yoyote, ikiwemo isiyo sifuri. Hoja ni ileile na pande zote mbili zimo, ila mwanafunzi anahitaji kuwa amezoea ngazi hizo kwanza.

Njia ya eneo

Aliyemaliza kidato cha nne amewahi kuchora pembetatu kwenye karatasi ya grafu, akaibadilisha kwa matriksi, na akajifunza kwamba eneo la taswira ni eneo la awali likizidishwa kwa detaminanti, bila kujali alama. Ukweli huo mmoja unatosha kujibu swali letu.

Tuseme M inaipeleka v, isiyo sifuri, kwenye sifuri. Chora msambamba wenye v kama upande mmoja na vekta nyingine yoyote, isiyo kwenye mstari wa v, kama upande wa pili. Eneo la msambamba huo si sifuri. Sasa ubadilishe kwa M. Upande wa v unanywea hadi kuwa nukta, na msambamba wote unalala kuwa kipande cha mstari, au nukta tu. Eneo lake jipya ni sifuri. Lakini eneo jipya ni eneo la awali mara detaminanti, na la awali si sifuri. Kilichobaki kuwa sifuri ni detaminanti.

Upande wa pili pia unaonekana. Safuwima mbili za M ni mahali zinapotua vekta (1, 0) na (0, 1). Detaminanti ikiwa sifuri, mraba wa vekta hizo mbili umelazwa, yaani safuwima zote mbili ziko kwenye mstari mmoja unaopita kwenye asili. Vekta mbili zilizo kwenye mstari mmoja zinaweza kuzidishwa kwa namba zisizo zote sifuri zikafutana. Katika A − I safuwima ni (−0.3, 0.3) na (0.2, −0.2), chukua mbili za kwanza na tatu za pili, na jumla ni sifuri. Hizo namba mbili na tatu ndizo vekta aigeni yenyewe.

Kwangu mimi hii ndiyo njia inayobaki kichwani mtu akishasahau nyingine zote. λ inazungushwa polepole kama kitufe cha redio, msambamba wa safuwima za A − λI unabadilika umbo, na katika λ fulani unalala chali kabisa. Katika mfano wetu hulala mara mbili tu, kwenye 0.5 na kwenye 1.

Lakini ina mipaka ambayo lazima isemwe. Inakutaka uwe umekubali tayari kwamba detaminanti ni kizidishi cha eneo, na wengi walikubali hilo kwa kuhesabu visanduku vya grafu, bila uthibitisho. Kwenye vipimo vitatu eneo linakuwa ujazo na picha bado inashikika. Kwenye vipimo vinne unazungumza kwa imani. Tena inakwama pale λ isipokuwa namba halisi. Chukua matriksi inayozungusha karatasi nyuzi 90, yenye 0 na −1 juu, 1 na 0 chini. Detaminanti ya A − λI hapo ni λ² + 1, ambayo haishuki chini ya 1 kwa namba halisi yoyote. Picha inasema kweli hadi hapo: ukizungusha kila mshale robo duara, hakuna unaobaki kwenye mstari wake, kwa hiyo msambamba haulali kamwe. Mlinganyo, hata hivyo, una majibu mawili ya namba changamano, i na −i, na kila moja ina vekta yake. Njia ya kuondoa inazipata bila kubadilisha neno. Chukua (q, −p), ambayo kwa λ = i ni (−1, i), na itatua kwenye sifuri. Macho hayawezi kuifuata huko.

Ipi umpe nani

Anayejiandaa kwa mtihani wa uthibitisho na ambaye matriksi kinyume anaijua vizuri, nampa ya kwanza, kisha namwambia waziwazi kwamba ameshika upande mmoja tu. Swali likisema "ikiwa na ikiwa tu", ya kwanza peke yake itamkosesha alama za nusu ya pili, na itambidi aongeze hoja ya ngazi kwamba matriksi isiyo na kinyume huacha kigeu huru.

Anayekutana na jambo hili kwa mara ya kwanza nampa ya kuondoa, kwenye mbili kwa mbili, kwa herufi na kisha kwa namba. Ni ndefu zaidi ubaoni, lakini hakuna kitu kinachoingizwa kwa nguvu ya jina, na inamwachia mtego wa kukamatia makosa yake. Kama ningelazimika kubaki na moja, ningebaki na hii.

Ya eneo naitumia baada ya hapo, na ni mara chache naanza nayo. Anayesoma uhandisi au anayechora vitu kwenye kompyuta huipenda haraka. Hatari yake ni kwamba mtu huridhika na picha kabla hajaweza kukokotoa λ hata moja.

Ipo tahadhari moja isiyohusu uthibitisho, inayomgusa anayechukua mlinganyo huu na kuupeleka kwenye kompyuta. Sifuri tunayoizungumzia ni sifuri kamili. Kompyuta haihifadhi 0.7 sawasawa, kwa hiyo 0.7 − 0.5 ndani yake si 0.2 hasa, na detaminanti iliyopaswa kuwa sifuri inaweza kutoka kama namba ndogo mno yenye sifuri nyingi baada ya nukta. Wengine hujibu kwa kuweka kipimo: ikiwa detaminanti ni chini ya kiasi fulani, ihesabiwe sifuri. Hilo halifai. Chukua matriksi ya kumi kwa kumi yenye 0.1 kwenye ulalo na sifuri kwingineko. Detaminanti yake ni 0.1 ikizidishwa mara kumi, yaani 0.0000000001, lakini matriksi hiyo ni mbali kabisa na kulala chali, kwani inafupisha kila vekta mara kumi tu na haiangamizi hata moja. Udogo wa detaminanti haupimi ukaribu wa kuangamiza, na programu za kukokotoa thamani aigeni za matriksi kubwa hazitatui det(A − λI) = 0 hata kidogo; huibadilisha matriksi hatua kwa hatua hadi λ zijitokeze kwenye ulalo. Ukitaka kukagua jibu ulilopewa, zidisha A kwa v, zidisha λ kwa v, na uangalie tofauti yake ni kubwa kiasi gani ukiilinganisha na urefu wa v.

Yule mwanafunzi wa Kakamega alirudi wiki iliyofuata na λ mbili, 1 na 0.5. Chini ya kila moja alikuwa ameandika milinganyo miwili na kuukata wa pili kwa kistari kimoja, na pembeni ameandika, "huu ni uleule."